Lori likiwa limepaki Dodoma, msilihesabie kilometa

Wadau, juzi binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa darasa la sita, aligonga mlango akiwa na karatasi ya tuisheni mkononi. "Shikamoo anko, eti hapa nimekosa nini?" Nikaipokea nikidhani ni jambo la dakika mbili. Kwa kweli lilikuwa la dakika mbili, kwa sababu mtoto hakuwa amekosa kitu. Alikuwa amepata, na juu ya jibu lake kulikuwa na alama ya kosa kwa wino mwekundu, kubwa kama ya kubomoa nyumba zilizojengwa kwenye hifadhi ya barabara.

Kituo chenyewe sikitaji, maana sidhani kama kina tofauti kubwa na vingine vya mitaani. Swali lilikuwa hili. Umbali kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kilometa 450. Basi linaondoka Dar saa 12:00 asubuhi kwenda Dodoma, likitembea kilometa 80 kwa saa. Lori linaondoka Dodoma saa 2:00 asubuhi kuja Dar kwa barabara hiyohiyo, likitembea kilometa 65 kwa saa. Je, yatakutana saa ngapi?

Mtoto aliandika saa 4:00 asubuhi. Mwalimu akamsahihisha pembeni: saa 3:10 asubuhi.

Najua wengi wenu mliachana na hesabu za namna hii siku mlipotoka chumba cha mtihani. Lakini nawaomba mnivumilie, kwa sababu kosa la mwalimu huyu nimelikuta kwa watu wazima wenye digrii zao. Naamini linatokana na namna tunavyofundishwa fumbo lenyewe. Tunapewa kamba moja ya kukariri: jumlisha mwendo wa magari mawili, gawanya umbali kwa jibu, basi. Kamba hiyo inafanya kazi pale tu magari yote mawili yanapoondoka kwa wakati mmoja. Likitangulia moja, inakunyonga.

Tuanze na kwa nini tunajumlisha, maana wengi hawajawahi kuambiwa. Chukua watoto wawili na muwa mmoja, kila mmoja anautafuna kutoka ncha yake. Ukitaka kujua muwa utaisha lini huna haja ya kuwafuatilia mmoja mmoja. Unaangalia kwa pamoja wanamaliza kiasi gani kwa dakika. Barabara ya Dar hadi Dodoma ndiyo muwa wetu. Kwa saa moja basi linakula kilometa 80 kutoka upande wa Dar na lori linakula kilometa 65 kutoka upande wa Dodoma, kwa hiyo pengo lililo kati yao linapungua kilometa 145. Hii 145 si mwendo wa gari lolote, na ukitafuta kwenye dashibodi ya basi au ya lori huioni. Ni kasi ambayo pengo linafungwa. Mimi naiita kasi ya kukaribiana, kwa sababu neno mwendokasi limeshachukuliwa. Toka mabasi yaendayo haraka yaanze Dar mwaka 2016, ukimtajia mtoto wa mjini mwendokasi anawaza Kimara na Kivukoni.

Sasa angalia mwalimu alichofanya. Alichukua 450 akagawanya kwa 145, akapata 3.10. Akaongeza masaa hayo kwenye saa 12 asubuhi, akaandika saa 3:10. Hapo kuna makosa mawili, moja dogo na moja kubwa.

Dogo ni la nukta. Masaa 3.10 si masaa matatu na dakika kumi. Hiyo 0.10 ni sehemu ya kumi ya saa, na saa ina dakika 60, kwa hiyo ni dakika 6. Hata kwa njia yake mwenyewe ilipaswa kuwa saa 3:06. Kosa hili limeenea sana, utakuta mtu amepata masaa 1.5 anaandika saa moja na dakika hamsini, na mwenye 2.25 anaandika dakika ishirini na tano badala ya kumi na tano.

Kubwa ndilo lililonifanya nikae kuandika. Tulipime jibu lake barabarani. Saa 3:06 asubuhi basi limetembea masaa 3.1, kwa hiyo liko kilometa 248 kutoka Dar. Lori limeondoka saa 2:00, hivyo limetembea saa moja na dakika 6 tu, sawa na kilometa 71 na nusu hivi. Jumla yao haifiki hata 320. Barabara ni ya kilometa 450. Maana yake ni kwamba wakati mwalimu anasema magari yamekutana, kati yao bado kuna kilometa 130 na ushee. Mmoja hajaiona hata Dumila, mwingine bado yuko mbali na Gairo.

Itazame hiyo 130 vizuri. Imetoka wapi? Ukiacha kukadiria nukta na kutumia sehemu kamili, pengo linatoka 130 kamili, na 130 ni 65 mara 2. Yaani ni umbali ambao lori lingetembea kwa masaa mawili, yale masaa mawili kati ya saa 12 na saa 2 ambayo lori lilikuwa limepaki Dodoma na dereva wake pengine anakunywa chai. Mwalimu alipogawanya 450 kwa 145 kuanzia saa 12, alilitembeza lori ambalo lilikuwa limesimama. Kosa lake lina ukubwa uleule wa safari hewa aliyolipa lori.

Nilijaribu na kosa lake pacha, ambalo nalo ni la kawaida. Kuna wanaogawanya vilevile, wakapata masaa 3 na dakika 6, halafu wakayaongeza kwenye saa 2:00, muda wa gari la pili kuondoka. Wanapata saa 5:06 asubuhi. Lipime hilo nalo. Mpaka saa 5:06 basi limekwenda kilometa 408 na lori kilometa 202, jumla 610, kwenye barabara ya kilometa 450. Zimezidi 160. Na 160 ni 80 mara 2, zile kilometa ambazo basi lilitembea peke yake kabla lori halijawashwa. Huyu wa pili amefanya kinyume cha mwalimu, amelifuta basi barabarani kwa masaa mawili wakati lilikuwa linachapa mwendo.

Hiki ndicho ninachokipenda katika fumbo hili. Ukilipima jibu kwa kujumlisha umbali wa magari yote mawili, halikwambii tu kwamba umekosa, linakwambia umekosea wapi. Pengo likibaki, umetembeza gari lililosimama. Umbali ukizidi, umesahau gari lililotangulia. Upimaji wenyewe ni kuzidisha mara mbili na kujumlisha mara moja. Mwalimu anayesahihisha karatasi arobaini kwa usiku mmoja hana kisingizio, maana ni hesabu ya sekunde ishirini.

Njia iliyo sahihi inaanza na swali moja tu, na ningekuwa mwalimu ningeliandika juu ya ubao na kulizungushia duara: gari la pili linapowashwa, la kwanza liko wapi? Saa 2:00 basi lina masaa mawili njiani, kwa hiyo liko kilometa 160 kutoka Dar, limeshaiacha Chalinze na linaikaribia Morogoro. Pengo lililobaki hadi Dodoma ni 450 toa 160, yaani 290. Kuanzia hapo, na kuanzia hapo tu, magari yote mawili yanatembea na tunaruhusiwa kutumia 145. Gawanya 290 kwa 145, unapata 2. Masaa mawili baada ya saa 2:00 ni saa 4:00 asubuhi. Basi litakuwa limetembea kilometa 320, lori kilometa 130, jumla 450. Kwa wanaoijua barabara ile, ni maeneo ya Gairo. Mtoto alipata.

Nikamuuliza alifanyaje. Hakuwa amefanya hivyo. Alisema, "Nililirudisha lori nyuma." Nikashindwa kumwelewa hadi aliponichorea mstari. Alifikiri hivi: kama lori liko Dodoma saa 2:00 na linakwenda kilometa 65 kwa saa, basi ni sawa na lori lililoondoka saa 12:00 kutoka mahali palipo kilometa 130 nyuma ya Dodoma. Akaongeza hizo 130 kwenye 450, akapata 580, akagawanya kwa 145, akapata 4. Masaa manne kuanzia saa 12 ni saa 4. Jamani! Kilometa 130 nyuma ya Dodoma kwa barabara ya Singida ni maeneo ya Manyoni. Mtoto alilitoa lori Manyoni alfajiri, akalipitisha Dodoma kwa muda uleule, na magari yake yote mawili yakawa yameondoka pamoja. Ile kamba ya kujumlisha na kugawanya ikawa halali. Anayependa aljebra atakuta ndicho kilichomo kwenye mlinganyo huu, t ikiwa ni masaa toka basi liondoke:

80t + 65(t − 2) = 450
145t = 580
t = 4

Ile t − 2 ndiyo lori lililopaki. Ukiandika t peke yake upande wa lori, umeshaanguka, na umeangukia palepale alipoangukia mwalimu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijaona likisemwa, nalo ni Kiswahili chetu chenyewe. Tunapenda kulaumu kwamba mtoto anasoma hisabati kwa Kiswahili shule ya msingi halafu kidato cha kwanza anahamishiwa Kiingereza, na lawama hiyo ninaiunga mkono. Lakini hata ndani ya Kiswahili fumbo hili lina mitego yake. Wa kwanza ni saa. Siku yetu inaanza asubuhi na saa 12, kisha inakuja saa 1. Mtoto anayeona "kutoka saa 12 hadi saa 2" na amezoea kutoa namba ndogo kwenye kubwa ataandika 12 toa 2, masaa kumi. Nimewaona. Dawa ni kumwambia kwamba saa 12 ya asubuhi ni sifuri. Akishaiona hivyo, saa yetu inakuwa rahisi kuliko ya Wazungu kwa fumbo la namna hii, maana inahesabu masaa toka jua lichomoze na mabasi yetu mengi ya mikoani yameondoka muda huohuo.

Mtego wa pili ni neno saa kufanya kazi mbili. "Yatakutana saa ngapi?" inataka muda wa kwenye ukuta. "Yatakutana baada ya saa ngapi?" inataka urefu wa safari. Tofauti ni maneno mawili madogo ambayo mtoto mwenye haraka anayaruka. Na hilo la pili lina tatizo lingine: baada ya saa ngapi toka nani aondoke? Kwenye swali letu, toka basi liondoke ni masaa manne, toka lori liondoke ni masaa mawili. Majibu yote mawili ni ya kweli na mtunzi ana moja tu kichwani. Halafu kwa bahati, kwa kuwa basi liliondoka saa 12 ambayo ni sifuri, masaa manne na saa nne vimegongana. Mtoto anaweza kupata alama bila kujua alichojibu. Sogeza basi liondoke saa 1:00 na lori saa 3:00, masaa yanabaki manne lakini saa inakuwa tano, na hapo ndipo utajua nani alielewa. Wenye Kiswahili sanifu hawalipendi neno masaa, wanataka saa kwa umoja na wingi. Mimi kwenye fumbo hili nitaendelea na masaa, wanisamehe. Linamwokoa mtoto.

Kuna watakaosema haya yote ni ya darasani, magari ya kweli hayatembei kilometa 80 kwa saa toka Magomeni hadi Dodoma mjini. Ni kweli. Basi lina foleni ya Kibaha, lina mizani, lina chakula Morogoro. Ila fumbo linajua kujibu hata hilo ukiliuliza vizuri. Tuseme basi letu limekaa nusu saa kwenye foleni Kibaha bila kusogea. Je, litakutana na lori nusu saa baadaye? Wengi watasema ndiyo. Saa 2:00 basi litakuwa kilometa 120 badala ya 160, pengo ni 330, gawanya kwa 145, unapata masaa 2 na dakika 17 hivi. Watakutana saa 4:17. Nusu saa ya foleni imeleta dakika 17 tu za kuchelewa kukutana, kwa sababu lori halikusubiri foleni iishe, liliendelea kuja. Kilichosogea zaidi ni mahali. Lori litakuwa limetembea kilometa 148 badala ya 130, kwa hiyo watapishana kilometa 18 zaidi upande wa Dar. Kama dereva wa lori alikuwa ameahidi kumpa kondakta mzigo Gairo, wasisubiriane Gairo.

Na kuna wakati fumbo halina jibu, na kanuni haitakuonya kwa lugha ya kawaida. Liambie lori liondoke saa 6:00 mchana. Kwa mahesabu basi limekwishakwenda 80 mara 6, kilometa 480, kwenye barabara ya 450. Pengo linatoka hasi 30. Ukigawanya kwa 145 unapata hasi dakika 12. Mwanafunzi mwoga anafuta alama ya hasi na kuandika saa 6:12. Ukweli ni kwamba basi liliingia stendi Dodoma kama saa 5:37, abiria wakashuka, na lori likaondoka baadaye. Hawakukutana barabarani. Alama ya hasi ilikuwa inasema hivyohivyo, kwamba kukutana kungekuwapo kabla ya lori kuondoka, na kabla ya kuondoka lori halikuwa barabarani.

Mpaka hapa magari yanaelekeana. Yakielekea upande mmoja, tunatoa badala ya kujumlisha, na hapa ndipo mahali ambapo fumbo linaacha kuwa la darasani. Tuseme lori lingine limeondoka Morogoro saa 2:00 kwenda Dodoma, kilometa 60 kwa saa. Tuichukue Morogoro kuwa kilometa 190 kutoka Dar. Swali ni lilelile: lori linapowashwa, basi liko wapi? Liko kilometa 160, nyuma yake kwa kilometa 30. Kila saa basi linakwenda 80 na lori linakimbia 60, kwa hiyo pengo linafungwa kwa 20 tu. Kilometa 30 kwa 20 ni saa moja na nusu. Saa 3:30 basi limelifikia lori, kilometa 280 kutoka Dar, limeshaipita Dumila na halijafika Gairo.

Kwenye daftari hesabu imeisha, unapigia mstari jibu. Barabarani ndiyo inaanza, kwa sababu basi likishalifikia lori linataka kulipita, na barabara ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi.

Tuifanye hesabu hiyo polepole. Dereva wa basi anahamia upande wa pili akiwa mita 20 nyuma ya lori. Lori lenye tela lina urefu wa kama mita 18, basi lenyewe mita 12, na ili arudi upande wake bila kumkata mwenzake anahitaji kuacha mita 20 mbele ya lori. Jumla ni mita 70 ambazo basi linapaswa kulizidi lori. Kwa kasi gani? Si 80. Ni 80 toa 60, kilometa 20 kwa saa, ambayo ni kama mita 5 na nusu kwa sekunde. Gawanya, unapata sekunde 12.6 hivi. Kwa sekunde zote hizo basi liko upande usio wake, na hapo mwendo wake dhidi ya barabara ni 80 kamili, yaani mita 22 kwa sekunde. Litatumia mita 280 za lami.

Halafu kuna basi linalotoka Dodoma, nalo kwa 80, ambayo ndiyo mwisho wa mwendo wa basi la abiria kisheria. Kwa sekunde zilezile 12.6 nalo linakula mita 280. Kwa hiyo dereva anapokata usukani, barabara iliyo wazi mbele yake inatakiwa iwe angalau mita 560, na hapo wangekuwa wamepishana kioo kwa kioo bila hata mita moja ya akiba. Ni kiasi cha viwanja vitano vya mpira kuunganishwa kwa urefu.

Ona kilichotokea. Kwa wakati mmoja, kichwani mwa dereva yuleyule, kuna kutoa na kuna kujumlisha. Lori analikaribia kwa 20, basi la mbele analikaribia kwa 160. Jicho linazoea ile 20, maana ndilo gari lililo karibu na ndilo limekuwa likimkera kwa dakika kumi na moshi wake. Basi la mbali linaonekana dogo na kama limesimama, wakati pengo lake linafungwa kwa mita 44 kila sekunde. Tukisoma gazetini kwamba chanzo cha ajali ni "kulipita gari la mbele bila kuchukua tahadhari", sentensi ambayo mimi mwenyewe nimeiandika kwenye habari zaidi ya mara moja kwa kuinakili kwa kamanda, tahadhari inayosemwa ina namba. Ni hizi.

Ndiyo maana nasema fumbo hili lisiishie kwenye kukutana. Ningependa mtoto wa darasa la sita apewe lori la Dumila baada ya lori la Dodoma, kwa sababu vitu anavyohitaji anavyo tayari: kutoa, kujumlisha, kugawanya, na kujua nani anatembea na nani amesimama. Akiwa abiria kiti cha nyuma ya dereva, ataweza kuhesabu kimoyomoyo.

Swali la mwisho alilopewa binti wa jirani lilinitoka mimi, na amelifanya vizuri. Lori la mbele limeongeza mwendo, sasa linakwenda 70. Basi halijaongeza, liko 80. Je, kulipita kumekuwa rahisi kidogo kwa kuwa lori halichelewi tena sana? Kasi ya kulizidi imeshuka kutoka 20 hadi 10. Mita 70 sasa zinachukua sekunde 25. Basi letu linatumia mita 560 upande usio wake, la mbele linakula mita 560 nyingine. Inatakiwa kuonekana kilometa moja na mita 120 za barabara tupu, na kati ya Dumila na Gairo, palipo na kona na vilima, mahali pa kuona kilometa nzima mbele unavihesabu kwa vidole.